Watu wangapi, saa ngapi: mwongozo kamili wa kukadiria wahudumu na kupanga zamu katika kituo cha simu

Kituo kinachopokea simu 2,000 kwa siku, kikiwa wazi kwa saa 14, kinapata wastani wa simu 71 kila nusu saa. Ikiwa kila simu inachukua dakika nne, hesabu ya foleni itakuambia wahudumu 13 wanatosha. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni kudhani kwamba kuna nusu saa inayofanana na huo wastani. Saa 8 mchana wahudumu wanapiga soga, saa 4 asubuhi foleni ina wateja 30, na saa 1 usiku wateja wamekata tamaa na kuhamia mitandaoni kulalamika. Mwisho wa mwezi meneja anaomba aajiriwe watu zaidi, wakati shida kubwa ilikuwa ni watu kukaa kazini saa ambazo simu hazipo.

Mwongozo huu unafuata kituo kimoja cha mfano tangu ripoti ya simu hadi ratiba ya zamu. Ni kituo cha kampuni inayouza mitambo midogo ya umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo, makao yake yakiwa Dar es Salaam, simu zikipokelewa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku. Nimekichagua kwa sababu mawimbi yake ya simu ni mawili na hayafanani. Asubuhi watu wanapiga kuhusu malipo yaliyokwama na tokeni ambazo hazijafika. Jua likizama wanapiga kwa sababu taa haziwaki. Takwimu ni za mfano, lakini hesabu zake zimefanywa zote, kwa hiyo unaweza kuzirudia kwa namba zako.

Hatua ya kwanza: hesabu wateja waliotaka kuhudumiwa, si simu zilizopokelewa

Ripoti ambayo mtambo wa simu unakuletea kwanza huwa ni ya simu zilizopokelewa. Ukikadiria kwa kutumia hiyo peke yake, unakadiria uwezo wako wa jana, si mahitaji ya wateja. Kituo kilichokuwa na watu wachache kitaonyesha simu chache, nawe utapanga tena watu wachache. Huo ni mzunguko ambao vituo vingi vimekwama ndani yake kwa miaka.

Kwa hiyo chukua zilizopokelewa, ongeza zilizokatwa mteja akiwa kwenye foleni, kisha usafishe marudio. Tuseme nusu saa moja ya Jumatatu ina simu 86 zilizopokelewa na 61 zilizokatwa. Jumla ni majaribio 147. Ukiangalia namba za waliopiga, unakuta 27 kati ya hayo majaribio ni watu wale wale waliokata wakapiga tena ndani ya dakika chache. Wateja halisi ni 120. Anayepanga kwa 86 atawatesa wateja, na anayepanga kwa 147 atalipa watu wa kukaa. Namba ya kufanyia kazi ni 120.

Ondoa pia simu zilizodumu chini ya sekunde tano kabla hata ya kuingia kwenye foleni. Nyingi ni za waliokosea namba au waliobipu wakitarajia kupigiwa. Kisha muulize anayewauzia laini kama kuna saa ambazo laini zote zilijaa, kwa sababu mteja aliyekutana na mlio wa laini kuwa bize hataonekana popote kwenye ripoti yako.

Kabla ya kuendelea, kagua saa za ripoti. Mitambo mingi huhifadhi kumbukumbu kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kilele cha saa 4 asubuhi kitaandikwa 07:00, na mtu anayesoma haraka atakiita saa 1 asubuhi au, vibaya zaidi, saa 7. Namna rahisi ya kuhakiki ni kupiga simu wewe mwenyewe, kuandika saa ya ukutani, kisha kuitafuta simu hiyo kwenye ripoti.

Hatua ya pili: kadiria siku, kisha igawe kwa nusu saa

Jumatatu sita zilizopita, baada ya kusafisha, zilileta simu 1,930, 2,010, 2,390, 1,960, 2,060 na 2,040. Ile ya 2,390 ilikuwa siku ambayo mtandao mmoja wa malipo kwa simu ulikwama kwa saa kadhaa. Iondoe kwenye wastani, lakini usiitupe: iandike pembeni pamoja na sababu yake, maana siku nyingine mtandao ukikwama utataka kujua simu huongezeka kwa kiasi gani. Tano zilizobaki zina wastani wa 2,000 kamili.

Linganisha Jumatatu na Jumatatu. Kuchanganya Jumatatu na Jumapili ili kupata wastani wa wiki hakukupi siku yoyote iliyopo kweli. Baada ya hapo ndipo unatia vizidishi. Katika kituo chetu Jumatatu za wiki ya kwanza ya mwezi, mishahara ikiwa imetoka na watu wakilipia mitambo yao, huwa juu kwa asilimia 10, hivyo kadirio linakuwa 2,200. Masika na vuli zina kizidishi chao, kwa kuwa mawingu yakikaa siku tatu mfululizo betri hazijai na taa huzima mapema. Hicho hakigusi siku nzima kwa usawa, kinaongeza simu za jioni tu, na ndivyo kinavyopaswa kuingizwa.

Ramadhani inahitaji umakini wa peke yake. Kila mwaka huanza mapema kwa siku takribani 11 kwenye kalenda ya kawaida, kwa hiyo kulinganisha tarehe ya leo na tarehe kama hiyo mwaka jana kunaweza kukupa siku ya kufunga dhidi ya siku isiyo ya kufunga. Tena saa za kula, kupumzika na kusali hubadilika, na mpangilio wa simu ndani ya siku hubadilika nazo. Weka faili tofauti ya Ramadhani na linganisha wiki ya kwanza ya mwezi huo na wiki ya kwanza ya mwaka uliopita. Kwa Idd, kwa kuwa hutegemea kuandama kwa mwezi, andaa ratiba mbili za siku zile mbili zinazowezekana na waambie wahudumu mapema ni ipi itatumika kwa hali ipi.

Kama idadi ya wateja wa kampuni inakua, usitegemee simu za zamani bila kuzipima kwa wateja. Simu 2,000 kwa wateja 40,000 ni simu 50 kwa kila wateja elfu. Kampuni ikifika wateja 44,000 kwa uwiano huo huo, tarajia 2,200. Idara ya mauzo ikiwa na kampeni, ijulishe idara yako kabla, kwa sababu mteja mpya ndiye anayepiga zaidi.

Sasa igawe siku. Kwa kila Jumatatu ya kawaida, tafuta kila nusu saa ilibeba asilimia ngapi ya simu za siku, kisha chukua wastani wa asilimia hizo. Asilimia ni bora kuliko idadi kwa sababu umbo la siku hubadilika polepole hata pale ukubwa wake unaporuka. Katika kituo chetu, saa 4:00 hadi 4:30 asubuhi hubeba asilimia 6, yaani simu 120. Saa 1:00 hadi 1:30 usiku hubeba asilimia 6.6, yaani simu 132.

Hatua ya tatu: muda wa simu nao una saa zake

Hapa ndipo makadirio mengi mazuri huharibika. Muda wa kuhudumia simu moja ni jumla ya mambo matatu: mazungumzo, muda ambao mteja anasubirishwa kwenye laini huku mhudumu akiulizia, na kazi ya kumalizia baada ya simu, kama kuandika maelezo au kufungua tiketi ya fundi. Watu huisahau hiyo ya tatu kwa kuwa mteja hayupo tena kwenye laini, lakini mhudumu bado hawezi kupokea simu nyingine.

Simu ya tokeni asubuhi inachukua sekunde 240. Simu ya taa zisizowaka inachukua 300, kwa sababu mhudumu lazima amwongoze mteja akague nyaya gizani, asome rangi ya kitaa cha betri, kisha amfungulie tiketi. Mzigo wa kazi hupimwa hivi: idadi ya simu, mara sekunde za kila simu, gawa kwa sekunde 1,800 za nusu saa.

Asubuhi: 120 mara 240, gawa kwa 1,800, unapata 16. Jioni: 132 mara 300, gawa kwa 1,800, unapata 22. Kipimo hiki kinaitwa erlangi, kwa jina la Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Kopenhagen na kuchapisha kanuni zake za foleni mwaka 1917. Erlangi 16 maana yake ni kwamba, kwa wastani, kuna simu 16 zinazohudumiwa kwa wakati mmoja nusu saa nzima.

Tazama kinachotokea ukichukua sekunde 240 za asubuhi na kuzitumia jioni. Mzigo wa jioni utaonekana kuwa erlangi 17.6, na hesabu ya hatua inayofuata itakuambia wahudumu 22 wanatosha. Lakini mzigo halisi ni erlangi 22. Wahudumu 22 kwa mzigo wa 22 hawana hata sekunde ya akiba: simu zikija kwa vishindo, kama zinavyokuja siku zote, foleni inarefuka na hairudi chini mpaka wateja wakate. Wahudumu wanaohitajika kweli ni 27. Ukiona kituo ambacho asubuhi kinapumua na jioni kinazama kila siku bila kukosa, kagua jambo hili kabla ya lingine lolote.

Hatua ya nne: kutoka mzigo hadi idadi ya wahudumu

Mzigo wa 16 hauhitaji watu 16, maana simu haziji kwa mpangilio wa mmoja baada ya mwingine. Wanaohitajika ni zaidi, na ziada hiyo inategemea ahadi yako kwa mteja. Ahadi inayotumika sana ni asilimia 80 ya simu kupokelewa ndani ya sekunde 20. Kanuni ya Erlang C ndiyo inayounganisha mambo haya, na huna haja ya kununua programu. Kwenye Excel, weka idadi ya simu katika B1, sekunde za simu moja B2, sekunde za kipindi (1800) B3, na idadi ya wahudumu unayoijaribu B5. Kisha:

```
B4: =B1*B2/B3
B6: =POISSON.DIST(B5,B4,FALSE)/(POISSON.DIST(B5,B4,FALSE)+(1-B4/B5)*POISSON.DIST(B5-1,B4,TRUE))
B7: =1-B6*EXP(-(B5-B4)*20/B2)
```

B4 ni mzigo, B6 ni uwezekano wa mteja kusubiri, na B7 ni sehemu ya simu zitakazopokelewa ndani ya sekunde 20. B5 lazima iwe kubwa kuliko B4, la sivyo majibu hayatakuwa na maana. Anza na mtu mmoja zaidi ya mzigo na upande mmoja mmoja hadi B7 ivuke 0.8.

Kwa mzigo wa asubuhi wa erlangi 16 utaona hivi:

| Wahudumu | Ndani ya sekunde 20 | Wastani wa kusubiri |
|---|---|---|
| 17 | asilimia 32 | sekunde 177 |
| 18 | asilimia 55 | sekunde 64 |
| 19 | asilimia 71 | sekunde 30 |
| 20 | asilimia 82 | sekunde 15 |
| 21 | asilimia 89 | sekunde 8 |

Jedwali hili lichapishe ulibandike ukutani. Kutoka 20 kushuka hadi 18, yaani watu wawili waliochelewa daladala, kunakutoa kwenye asilimia 82 hadi 55. Kutoka 20 kupanda hadi 21 kunaongeza asilimia 7 tu. Upungufu unaumiza kuliko ziada inavyosaidia, na ndiyo sababu kituo hukaa sawa wiki nzima kisha kikaanguka asubuhi moja bila simu hata moja kuongezeka.

Kwa watu 20 na mzigo wa 16, kila mhudumu yuko kwenye simu asilimia 80 ya muda. Kiwango hicho kinavumilika. Kikikaa juu ya 90 siku baada ya siku, wahudumu huanza kuvuta kazi ya baada ya simu ili wapumue, muda wa simu unarefuka, na mzigo wenyewe unakua.

Erlang C ina mipaka yake. Inachukulia kwamba mteja hakati simu kamwe, kwa hiyo foleni ikiwa ndefu inakuonyesha hali mbaya kuliko ilivyo. Kwa kupanga kituo kinachotaka kutimiza 80 kwa 20, kasoro hiyo ni ndogo. Inachukulia pia kwamba kila mhudumu anaweza kupokea kila simu. Ukigawa foleni moja ya erlangi 16 kuwa mbili za erlangi 8, moja ya malipo na nyingine ya ufundi, kila moja itataka watu 11, jumla 22 badala ya 20. Kabla ya kugawa foleni, jiulize kama si nafuu kuwafundisha wote kazi zote mbili.

Hatua ya tano: muda usioonekana kwenye ratiba

Namba 20 ni ya watu walioko kwenye simu. Mtu aliye zamuni hayuko kwenye simu muda wote: anachelewa kidogo, anaenda chooni, anakunywa chai, anaitwa na msimamizi wasikilize pamoja simu zake, kompyuta inagoma. Pima kituo chako wiki chache kwa kulinganisha saa za zamu na saa ambazo mhudumu aliingia kwenye mtambo akiwa tayari kupokea. Tuseme katika kituo chetu asilimia 12 ya muda inapotea hivyo, mbali na saa ya chakula.

Unagawa, huzidishi. 20 gawa kwa 0.88 ni 22.7, yaani watu 23. Jioni, 27 gawa kwa 0.88 ni 30.7, yaani 31. Anayezidisha kwa 1.12 atapata 22.4 na atadhani tofauti ni ndogo, lakini upotevu ukifika asilimia 30, kuzidisha kunakupa 26 pale ambapo jibu ni 29.

Likizo, ugonjwa na mafunzo ya siku nzima usivitie hapa. Hivyo vinaamua idadi ya kuajiri, nasi tutavifikia.

Hatua ya sita: zamu zifuate mawimbi

Haya ndiyo mahitaji ya Jumatatu baada ya asilimia 12 kuingizwa:

| Saa | Watu zamuni |
|---|---|
| 1–2 asubuhi | 6 |
| 2–3 | 12 |
| 3–4 | 20 |
| 4–5 | 23 |
| 5–6 | 19 |
| 6–8 mchana | 12 |
| 8–10 | 10 |
| 10–11 jioni | 12 |
| 11–12 | 15 |
| 12–1 | 21 |
| 1–2 usiku | 31 |
| 2–3 usiku | 15 |

Wengi hupanga zamu mbili: saa 1 asubuhi hadi 10 jioni, na saa 6 mchana hadi 3 usiku, kila moja ikiwa na saa ya chakula. Ili kufikia vilele unahitaji watu 23 zamu ya kwanza na 31 ya pili, jumla ya saa 432 za kazi. Kuanzia saa 6 mchana hadi 10 una watu 54 ofisini wakati simu zinahitaji 10 hadi 12.

Jaribu mpango mwingine:

- Saa 1 asubuhi hadi 10 jioni: watu 6, chakula saa 5.
- Saa 2 asubuhi hadi 6 mchana, zamu fupi: watu 6.
- Saa 3 asubuhi hadi 12 jioni: watu 11, chakula saa 7.
- Saa 5 asubuhi hadi 2 usiku: watu 16, chakula saa 9.
- Saa 11 jioni hadi 3 usiku, zamu fupi: watu 15.

Hesabu kila saa kwa mstari. Saa 4 asubuhi kuna 6, 6 na 11, yaani 23 kamili. Saa 1 usiku kuna 16 na 15, yaani 31 kamili. Saa 2 usiku wanabaki 15, kama inavyotakiwa. Saa za chakula zimewekwa pale ambapo zamu nyingine imeshaingia, na hakuna anayefanya kazi zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika. Jumla ni saa 348 badala ya 432, watu wakiwa 54 vile vile, ila 21 kati yao ni wa zamu fupi. Mchana bado kuna ziada. Hiyo ipewe kazi zinazoweza kusubiri: kuwapigia wateja waliochelewa kulipa, kujibu ujumbe wa Watsapu, mafunzo. Usiipe kazi ambayo mhudumu hawezi kuiacha katikati pale simu zinapoongezeka ghafla.

Zamu fupi zinahitaji watu ambao saa nne zinawafaa kweli, kama wanafunzi wa chuo au wazazi wenye watoto wadogo. Kumlazimisha mfanyakazi wa kudumu agawanyiwe siku, saa nne asubuhi na nne jioni, katika jiji lenye foleni za Dar es Salaam ni kumfanya aache kazi. Kuajiri na kufundisha mwingine kutakula kila ulichookoa.

Kisha pitisha ratiba kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, bila kuhesabu mapumziko. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya zamu na zamu lazima zipite saa 12, na kila wiki saa 24 za mfululizo za kupumzika. Sharti la saa 12 ndilo linalovunjwa bila watu kujua: aliyetoka saa 2 usiku akipangwa saa 1 asubuhi kesho yake, zimepita 11 tu. Aliyetoka saa 3 usiku asipangwe kabla ya saa 3 asubuhi. Usiku kisheria unaanza saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ndiyo sababu mojawapo ya ile zamu kubwa kuishia saa 2 badala ya 3. Sababu nyingine ni usafiri, maana baada ya hapo wengi hawapati daladala kwa urahisi na kampuni hulazimika kukodi gari.

Hatua ya saba: idadi ya kuajiri

Jumlisha nafasi za zamu za wiki nzima. Kwetu ni 54 Jumatatu, 48, 46, 46, 48, 42 Jumamosi na 36 Jumapili, jumla 320. Kila mtu akifanya siku tano, unahitaji watu 64 ili kuzijaza. Sasa ndipo inaingia likizo: siku 28 kwa mwaka ni karibu asilimia 8. Ongeza asilimia 5 ya ugonjwa na mafunzo, unabaki na 0.87. 64 gawa kwa 0.87 ni 73.6, kwa hiyo watu 74.

Namba hiyo ni ya walioiva. Mwajiriwa mpya wa wiki mbili huchukua muda mrefu zaidi kwa kila simu, kwa hiyo anza kuajiri mapema kiasi cha kutosha mafunzo kabla ya masika, si mawingu yakishatanda. Na likizo zigawe kwa kuangalia kalenda ya simu: nafasi nyingi za likizo zifunguliwe miezi ya kiangazi, chache miezi ya masika, na wahudumu wajulishwe mgawo huo mwanzoni mwa mwaka.

Hatua ya nane: pima ulivyokosea, nusu saa kwa nusu saa

Jumla ya siku inaweza kukudanganya. Kadirio la saa 3 hadi 4 asubuhi lilikuwa simu 200, zikaja 150. La saa 1 hadi 2 usiku lilikuwa 264, zikaja 314. Siku imefungwa sawa kabisa, na ripoti itasema umekadiria bila kosa, ingawa jioni wateja walisota. Chukua tofauti ya kila nusu saa bila kujali kama ni ya kuzidi au kupungua, zijumlishe, kisha gawa kwa jumla ya simu zilizokuja. Fuatilia asilimia hiyo kila wiki. Ikiwa makosa yanaangukia saa zile zile, umbo la siku limebadilika na asilimia za mgawo zinahitaji kupigwa upya. Ikiwa siku nzima inazidi au kupungua kwa uwiano mmoja, tatizo liko kwenye kadirio la siku.

Siku yenyewe, fanya ukaguzi saa 6 mchana. Hadi saa hiyo kadirio letu ni simu 771. Zikifika 850, siku iko juu kwa asilimia 10, nawe bado una saa tano kabla ya kilele kuanza kupanda. Uliza kwanza sababu, kwa sababu malipo yaliyokwama yakirudi saa 7 hayataendelea hadi usiku, lakini mawingu ya tangu juzi yataendelea. Kama ni mawingu, ahirisha mafunzo ya mchana, waombe watatu au wanne wa zamu inayoisha saa 12 jioni wapumzike saa moja kisha wabaki hadi saa 2 usiku kwa malipo ya saa za ziada, na weka ujumbe kwenye foleni unaomwambia mteja jinsi ya kusoma kitaa cha betri kabla hajafika kwa mhudumu. Ombi la kubaki litolewe saa 6 na nusu, watu wakiwa bado wanaweza kupiga simu nyumbani wakajipanga. Saa 11 na nusu jioni, begi likiwa begani, wengi watakukatalia.